K-means kwa Kalamu: Mizunguko Miwili Ndani ya Chumba cha Mtihani

Swali lenyewe huwa fupi. Kwenye karatasi ya mtihani wa ujifunzaji wa mashine linachukua mistari minne au mitano tu: nukta sita zimetajwa kwa namba zake, vitovu viwili vya kuanzia vimetolewa, na mtahiniwa anaambiwa azigawe nukta hizo katika makundi mawili kwa k-means, mizunguko miwili, huku akionyesha hesabu zote. Kompyuta hairuhusiwi. Kilichoko mezani ni kalamu, rula na kikokotoo cha mkononi.

Kwa mwanafunzi aliyezoea kuandika mstari mmoja wa programu na kuletewa makundi yaliyokwisha kupangwa, swali hili lina namna yake ya kumuumbua. Hesabu zake ni za kutoa, kuzidisha, kujumlisha na kugawanya, na hakuna hata moja inayomshinda mtoto wa darasa la saba. Ugumu uko katika mpangilio: nini kifanywe kwanza, nini kisubiri, na namba ipi itumike wapi. Anayeukosea mpangilio huo anaweza kujaza kurasa mbili za hesabu safi kabisa zisizojibu alichoulizwa.

K-means ni njia ya kuweka pamoja vitu vinavyokaribiana, bila mtu kuiambia mashine mapema kwamba hiki ni cha huku na kile ni cha kule. Mtumiaji huchagua idadi ya makundi anayoyataka, na idadi hiyo ndiyo k. Kila kundi huwakilishwa na nukta moja ya katikati iitwayo kitovu, ambayo ni wastani wa wanachama wote wa kundi hilo. Baada ya hapo kazi ina hatua mbili zinazopokezana. Katika hatua ya kwanza kila nukta hupelekwa kwenye kitovu kilicho karibu nayo kuliko kingine. Katika hatua ya pili kila kitovu huhamia kwenye wastani wa nukta zilizopelekwa kwake. Hatua zote mbili zikikamilika, huo ni mzunguko mmoja. Kisha huanza mwingine, hadi ifike mahali ambapo hakuna nukta inayobadilisha kundi.

Wazo hili ni la zamani kuliko somo linalolifundisha leo. Mwanahisabati wa Poland, Hugo Steinhaus, aliliandika mwaka 1956. Mwaka uliofuata, 1957, Stuart Lloyd wa maabara za Bell nchini Marekani aliifafanua njia hiyo ya hatua mbili alipokuwa akishughulikia namna ya kugeuza mawimbi ya sauti kuwa namba. Andiko lake halikuchapishwa rasmi hadi mwaka 1982. Jina k-means lenyewe lilitumiwa na James MacQueen mwaka 1967. Inafaa kuyakumbuka majina ya Lloyd na MacQueen, kwa sababu tofauti kati ya njia zao ndiyo hasa inayoweza kumwangusha mtahiniwa pasipo yeye kujua.

Chukua mfano wa duka la rejareja lenye wateja sita walioandikwa kwenye daftari. Kila mteja ana namba mbili: ya kwanza ni mara anazofika dukani kwa wiki, ya pili ni maelfu ya shilingi anayotumia kila afikapo. Mteja A ni (1, 1), yaani anafika mara moja kwa wiki na kutumia shilingi 1,000. B ni (1, 3), C ni (3, 2), D ni (6, 5), E ni (7, 7) na F ni (8, 6). Swali linataka makundi mawili, na linasema vitovu vya kuanzia viwe pale walipo A na B.

Mtu akiwachora wateja hao kwenye karatasi ya grafu, jicho linamaliza kazi mara moja. A, B na C wamekaa chini kushoto. D, E na F wako juu kulia. Mchoro huo unafaa kufanywa pembeni hata kama haukuombwa, maana utamwonyesha mtahiniwa mapema jibu linaelekea wapi. Lakini mtahini hajauliza jicho linaona nini. Ameweka vitovu vyote viwili kwenye pembe moja, tena kwa makusudi: anataka aone kama mtahiniwa anaweza kuondoka kwenye mwanzo mbaya kwa kufuata utaratibu.

Kabla ya hesabu yenyewe, kuna jambo la vipimo. Fedha hapa zimeandikwa kwa maelfu, na si kwa bahati. Kama zingeandikwa kwa shilingi kamili, tofauti ya fedha kati ya A na D ingekuwa 4,000, na mraba wake ni 16,000,000. Tofauti yao ya mahudhurio ni 5, na mraba wake ni 25. Ukijumlisha, ile 25 inapotea kabisa, na makundi yatakayotoka yatakuwa yamepangwa kwa fedha peke yake, kana kwamba idadi ya safari za mteja haikuwahi kuandikwa. Ndiyo maana katika kazi halisi namba huletwa kwenye vipimo vinavyolingana kwanza. Katika mtihani kazi hiyo kwa kawaida imekwisha kufanywa na mtunga swali.

Sasa umbali. Kati ya nukta mbili, mtu huchukua tofauti ya namba za kwanza na kuizidisha kwa yenyewe, hufanya vivyo hivyo kwa namba za pili, kisha hujumlisha. Kutoka A hadi D tofauti ni 5 na 4, kwa hiyo jumla ni 25 na 16, yaani 41. Umbali wenyewe ungekuwa kipeuo cha pili cha 41, ambacho ni kama 6.4. Ila kwa kulinganisha tu nani yuko karibu, kipeuo hakihitajiki: mwenye mraba mdogo ndiye mwenye umbali mdogo, bila ubaguzi. Mtahiniwa anayetafuta kipeuo kwa kila nukta hakosei, lakini anajiongezea kazi na kujifungulia mlango wa makosa ya kukadiria desimali. Swali likiomba umbali wenyewe, hapo hana budi.

Mzunguko wa kwanza, basi, unakuwa na jedwali hili la miraba ya umbali:

| Mteja | Hadi kitovu cha 1 (1, 1) | Hadi kitovu cha 2 (1, 3) | Kundi |
|---|---|---|---|
| A | 0 | 4 | 1 |
| B | 4 | 0 | 2 |
| C | 5 | 5 | 1 (sare) |
| D | 41 | 29 | 2 |
| E | 72 | 52 | 2 |
| F | 74 | 58 | 2 |

Mstari wa C unastahili kutazamwa vizuri. Umbali wake hadi vitovu vyote viwili ni sawasawa, na k-means yenyewe haisemi la kufanya sare inapotokea. Desturi ya wengi ni kumpeleka kwenye kundi lenye namba ndogo, na ndivyo ilivyofanywa hapa. Lililo muhimu ni kuandika kanuni hiyo waziwazi, kwa sentensi moja, kabla ya kuitumia. Msahihishaji akiona C ameandikwa kundi la kwanza bila maelezo, hajui kama mtahiniwa ameiona sare au amekosea kutoa. Na si lazima aliyechagua upande mwingine awe amekosea. Kama C angepelekwa kundi la pili, A angebaki peke yake, kitovu cha pili kingekuwa (5, 4.6), na katika mzunguko wa pili B na C wote wangerudi kwa A. Makundi ya mwisho yangekuwa yaleyale, kwa njia tofauti. Katika data nyingine sare moja inaweza kuyapeleka makundi mahali tofauti kabisa, na hiyo ndiyo sababu ya kutaka kanuni iandikwe.

Hatua ya pili ya mzunguko ni kuhamisha vitovu. Kundi la kwanza lina A na C: namba za kwanza ni 1 na 3, wastani 2, namba za pili ni 1 na 2, wastani 1.5. Kitovu kipya cha kwanza ni (2, 1.5). Kundi la pili lina B, D, E na F. Namba zao za kwanza zinafanya jumla ya 22, za pili 21, na kila moja inagawanywa kwa nne, kwa hiyo kitovu kipya cha pili ni (5.5, 5.25). Hakuna mteja anayeishi kwenye nukta hizo mbili, na hilo halina tatizo. Kitovu ni wastani, na wastani hauhitaji kuwa mtu.

Hapa ndipo kosa kubwa hujificha. Kuna mtahiniwa ambaye, kwa kuona kwamba C amekwisha kuingia kundi la kwanza, hukihamisha kitovu palepale hadi (2, 1.5), kisha ndipo anampima D. Inaonekana ni bidii. Matokeo yake ni haya: umbali wa D hadi kitovu hicho kilichohamishwa mapema una mraba wa 28.25, ilhali hadi kitovu cha B ni 29. D, ambaye kwenye jedwali la haki alikwenda kundi la pili, sasa anaingia la kwanza kwa tofauti ndogo sana. Kuingia kwake kunakivuta kitovu cha kwanza juu zaidi, hadi karibu na (3.33, 2.67), na E naye anavutwa. F anafuata. Mzunguko wa kwanza unaisha B akiwa peke yake kundi la pili na wengine wote watano wakiwa pamoja. Hakuna hesabu hata moja iliyokosewa kwa maana ya kutoa na kujumlisha, lakini jedwali zima limegeuka.

Alichofanya mtahiniwa huyo kina jina. Ni karibu sana na njia ya MacQueen ya mwaka 1967, ambamo kitovu husogezwa kila nukta mpya inapoingia. Njia hiyo ni halali na ina matumizi yake, hasa pale data inapokuja moja moja bila kusubiriana. Lakini k-means ya mizunguko, ile inayoulizwa kwenye mitihani kama huu, ni ya Lloyd: vitovu vinagandishwa hadi nukta ya mwisho ipimwe, ndipo vyote vihame kwa pamoja. Kinachosikitisha ni kwamba mwanafunzi aliyesogeza kitovu mapema, akifuata utaratibu sahihi katika mzunguko wa pili, anaangukia makundi yaleyale ya mwisho: A, B na C huku, D, E na F kule, ila namba za makundi zimebadilishana. Anaweza kuangalia jibu la rafiki yake nje ya chumba cha mtihani na kuamini amepata, wakati jedwali lake la mzunguko wa kwanza, ambalo lilikuwa na alama zake, limekataliwa.

Dawa yake ni ndogo. Juu ya kila jedwali viandikwe vitovu vinavyotumika, kama ilivyo hapo juu, na visiguswe hadi mstari wa F ukamilike.

Mzunguko wa pili unaanza na jedwali jipya. Nukta ni zilezile sita, vitovu ndivyo vilivyobadilika:

| Mteja | Hadi kitovu cha 1 (2, 1.5) | Hadi kitovu cha 2 (5.5, 5.25) | Kundi |
|---|---|---|---|
| A | 1.25 | 38.3125 | 1 |
| B | 3.25 | 25.3125 | 1 |
| C | 1.25 | 16.8125 | 1 |
| D | 28.25 | 0.3125 | 2 |
| E | 55.25 | 5.3125 | 2 |
| F | 56.25 | 6.8125 | 2 |

B amehama. Katika mzunguko wa kwanza yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kitovu cha kundi la pili, na sasa kundi hilo limemwacha nyuma. D, E na F walikivuta kitovu kuelekea kwao kwa wingi wao, na B akajikuta ana mraba wa 25.3125 hadi kitovu kilichoanzia kwake, lakini 3.25 tu hadi kile cha jirani. Tukio hilo moja ndilo lililomfanya mtahini aombe mizunguko miwili badala ya mmoja. Mzunguko wa kwanza unaweza kufanywa na mtu anayejua kupima umbali tu. Wa pili unaonyesha kama ameelewa kwamba kitovu kimehama na kwamba hakuna nukta iliyofungwa kwenye kundi lake, hata iliyolianzisha.

Wapo wanaoanza mzunguko wa pili kwa vitovu vya zamani. Wamekokotoa vipya vizuri, wakavipigia mstari chini, halafu wakafungua jedwali jipya na kunakili (1, 1) na (1, 3) kutoka ukurasa wa nyuma. Dalili yake ni rahisi kuiona: jedwali la pili linafanana na la kwanza namba kwa namba. Mtahiniwa huyo mara nyingi huongeza kosa la pili juu ya la kwanza kwa kuandika kwamba makundi yametulia kwa kuwa hakuna kilichobadilika.

Vitovu vya mwisho wa mzunguko wa pili hutoka hivi. A, B na C wana jumla ya 5 kwa namba za kwanza na 6 kwa namba za pili, zikigawanywa kwa tatu ni 5/3 na 2. D, E na F wana 21 na 18, hivyo kitovu chao ni (7, 6). Ile 5/3 ibaki sehemu, au iandikwe 1.67 ikiwa swali limeomba desimali mbili. Isiandikwe 2.

Kuna njia ya kukagua vitovu hivi kwa muda mfupi sana, na inashangaza kwamba haitajwi mara nyingi zaidi. Jumlisha namba za kwanza za wateja wote sita: 26. Jumlisha za pili: 24. Jumla hizo hazibadiliki kamwe, maana wateja ni walewale. Sasa zidisha kila kitovu kwa idadi ya wanachama wake na ujumlishe. Mwisho wa mzunguko wa kwanza, wanachama wawili wa (2, 1.5) wanatoa 4 na 3, wanne wa (5.5, 5.25) wanatoa 22 na 21. Jumla ni 26 na 24. Mwisho wa mzunguko wa pili, 5 na 6 upande mmoja, 21 na 18 upande wa pili: tena 26 na 24. Aliyeikadiria 5/3 kuwa 2 atapata 27 na kujua kuna kitu. Aliyegawanya kwa sita badala ya idadi ya kundi atapata namba ndogo mno. Aliyemsahau mwanachama mmoja naye atajulikana.

Ukaguzi wa pili huchukua muda zaidi kidogo. Kila mteja ana mraba wa umbali hadi kitovu cha kundi lake. Ijumlishwe yote sita. Katika jedwali la kwanza, A na B wana sifuri, C ana 5, na D, E na F wana 29, 52 na 58. Jumla ni 144. Vitovu vinapohamia kwenye wastani, jumla inashuka hadi 40.25. B anapohama kundi inashuka hadi 18.1875. Vitovu vinapohama mara ya pili inafika karibu 8.67. Jumla hii haina ruhusa ya kupanda. Kumhamishia mteja kwenye kitovu kilicho karibu zaidi hakuwezi kuiongeza, na wastani ndiyo nukta yenye jumla ndogo kuliko zote kwa wanachama waliopo. Ikipanda popote, kuna hesabu iliyoharibika, na ni vema kurudi nyuma kabla ya kuendelea.

Kaguzi zote mbili zina mpaka wake. Yule aliyesogeza kitovu katikati ya jedwali angepita kwenye zote: jumla zake zingekuwa 26 na 24, na jumla ya miraba ingekuwa imeshuka kutoka 144 hadi 60.8. Kosa la mpangilio halinaswi na kikokotoo. Linanaswa na ule mstari wa vitovu ulioandikwa juu ya jedwali.

Swali hufuatiwa mara kwa mara na kipengele kidogo: je, makundi yametulia? Jibu la haraka ni ndiyo, kwa kuwa jicho linaona yamekaa sawa. Lakini mwisho wa mzunguko wa pili hilo bado halijathibitishwa, maana B ndiyo kwanza amehama na vitovu vimehama pia. Kinachohitajika ni kupima mara ya tatu. Si lazima jedwali lote. Inatosha kuwatazama walio mpakani. C ana mraba wa takriban 1.78 hadi (5/3, 2), na 32 hadi (7, 6). D ana 2 hadi (7, 6), na takriban 27.78 upande wa pili. Hakuna atakayehama, na sasa mtahiniwa anaweza kuandika kwamba yametulia, akiwa na ushahidi.

Kutulia ni jambo la hakika. Jumla ya miraba hushuka au hubaki palepale, na njia za kuwagawa wateja sita katika makundi mawili yasiyo tupu ni 31 tu, kwa hiyo safari lazima ifike mwisho. Kutulia mahali bora ni jambo jingine, na hapa ndipo wanafunzi wazuri hujikwaa. Chukua nukta nne za mstatili: (0, 0), (0, 2), (6, 0) na (6, 2). Mtu yeyote angeweka mbili za kushoto pamoja na mbili za kulia pamoja, vitovu vikiwa (0, 1) na (6, 1), na jumla ya miraba ikiwa 4. Lakini anzisha vitovu kwenye (0, 0) na (0, 2). Nukta (6, 0) ina 36 hadi cha kwanza na 40 hadi cha pili, kwa hiyo inakwenda kwa cha kwanza. (6, 2) inakwenda kwa cha pili. Vitovu vinahamia (3, 0) na (3, 2). Pima tena: kila nukta ina 9 hadi kitovu chake na 13 hadi kile kingine. Hakuna anayehama. Makundi yametulia yakiwa yameukata mstatili kwa mlalo, jumla ya miraba ikiwa 36, mara tisa ya ile bora, na mzunguko wa mia moja hautabadilisha chochote.

Wateja sita wa duka waliponea hapo kwa sababu makundi yao yametengana vya kutosha. Katika kazi halisi watu hawategemei bahati hiyo. Huendesha k-means mara nyingi kwa mianzo tofauti na kuchukua jibu lenye jumla ndogo zaidi, au huchagua mwanzo kwa utaratibu uliopendekezwa mwaka 2007 na David Arthur na Sergei Vassilvitskii, unaojulikana kama k-means++. Kitovu cha kwanza huchaguliwa kwa kura ya kawaida. Kinachofuata huchaguliwa kwa kura yenye uzito: kila nukta hupewa nafasi kulingana na mraba wa umbali wake hadi kitovu kilichokwisha kuchaguliwa. Namba zake ziko tayari kwenye safu ya kwanza ya jedwali la kwanza. Ikiwa A ndiye ametangulia, uzito wa B ni 4, C 5, D 41, E 72 na F 74, jumla 196. Nafasi ya B kuchaguliwa ni 4 kati ya 196, kama asilimia 2. Nafasi ya kumpata mmoja kati ya D, E na F ni 187 kati ya 196, zaidi ya asilimia 95. Mwanzo mbaya alioutoa mtahini ungetokea mara chache sana.

Na kama mtahini mwenyewe angetoa A na F badala ya A na B? C angekuwa na 5 hadi A na 41 hadi F. B angekuwa na 4 na 58. D angekuwa na 41 hadi A na 5 hadi F. Makundi sahihi yangepatikana katika jedwali la kwanza, vitovu vingehamia (5/3, 2) na (7, 6), na mzunguko wa pili usingemhamisha mtu yeyote. Mtahiniwa anayekutana na swali la namna hiyo bado anapaswa kuliandika jedwali la pili lote, na vitovu vipya juu yake, kwa sababu jedwali hilo lisilobadilisha chochote ndilo linalothibitisha kwamba makundi yametulia.